UZI: "Alimpiga makofi" na "alimpigia makofi": naomba kueleweshwa nahau za kitenzi piga

Mgeni_wa_Kurasini

Habarini za jioni, wanajukwaa. Mimi ni raia wa Msumbiji, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma sekondari, na ninafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha huku Kurasini. Kiswahili nimejifunza ukubwani, nikianzia vitabuni kabla ya kukisikia mitaani, kwa hiyo sarufi ninayo kiasi, ila nahau bado zinanipa tabu.

Hivi karibuni, katika kikao cha ofisi, ilisomwa taarifa iliyosema kwamba wafanyakazi "walimpigia makofi" mwenzetu anayestaafu. Jioni ile ile nikasoma gazetini habari ya mtu aliyefikishwa mahakamani kwa sababu "alimpiga makofi" jirani yake. Nilikwisha kuelewa kwamba kupiga simu si kuichapa simu, na kwamba anayepiga pasi hana ugomvi wowote na pasi. Nilichokuwa sikukijua ni kwamba irabu moja inaweza kumtoa mtu kwenye sherehe ya kustaafu ikampeleka kizimbani. Ninachoomba ni hiki: ninapokutana na nahau mpya ya kitenzi piga, nitajuaje kama mtu anayehusika ataingia kwa *kumpiga* au kwa *kumpigia*? Orodha za nahau ninazo nyingi, lakini zote zinatoa maana tu, wala hazisemi mtu akae wapi.

KakaTemeke

Karibu sana, ndugu yetu. Jambo hili ni jepesi kuliko linavyoonekana. Ukitaka kumtaja mtu pamoja na nahau ya piga, tumia *pigia* siku zote. Tunasema mpigie simu, mpigie kura, mpigie magoti, mpigie kelele, mpigie saluti. Ukisikia *kumpiga* bila i, jua hapo kuna ugomvi, na maneno ni yale yale ya kawaida wala si nahau tena. Shika kanuni hiyo na hutapotea.

Mama_Zawadi

Pole sana, baba. Mimi nimeishi na waajiri wa kila namna na ninakwambia usikae kimya. Kama huyo mkubwa wenu amempiga mtu makofi mbele ya kikao, aliyepigwa aende kituo cha polisi apewe fomu ya PF3 kabla ya kwenda hospitali, kwa sababu akitangulia hospitali bila fomu ataanza kuzungushwa. Na nyinyi mlioshuhudia muwe tayari kuandika maelezo.

KakaTemeke

Mama, shikamoo. Hakuna aliyepigwa ofisini kwao. Huyo mzee wa watu alishangiliwa kwa sababu anastaafu. Aliyepigwa ni jirani wa kwenye gazeti.

Mama_Zawadi

Marahaba, mwanangu. Basi huyo jirani ndiye aende kuchukua PF3.

Winga_wa_Jangwani

KakaTemeke, kwa heshima zote, kanuni yako inavunjika kabla mpira haujafika katikati ya uwanja. Mchezaji anampiga mwenzake chenga, na hakuna anayesema "alimpigia chenga". Ukienda Coco Beach Jumapili utasikia "kaka, nipige picha", na anayesema hivyo hatafuti ugomvi na mtu. Tunasema pia mtu kampiga rafiki yake jeki, yaani kamsaidia alipokwama, na hiyo nayo ni nahau kamili yenye *kumpiga* bila i. Mgeni akifuata kanuni yako atamwambia mpita njia "nipigie picha", naye mpita njia atamuuliza, "Picha ya nini?"

Mhariri_Mstaafu

Ndugu Mgeni, swali lako ni zuri kuliko majibu uliyopata, ingawa KakaTemeke yuko nusu ya njia. Nimesahihisha magazeti ya Kiswahili hapa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na makosa ya *pigwa* na *pigiwa* yalikuwa yakija mezani kwangu hata kutoka kwa waandishi waliozaliwa nacho Kiswahili. Nitakueleza namna nilivyokuwa nikiwaelekeza vijana wa chumba cha habari.

Iache nahau kwanza, tazama kupiga kwa kawaida, kwa sababu nahau hizi hazikuanguka kutoka mbinguni. Nyingi zimefuata miundo miwili ambayo kitenzi hiki kilikuwa nayo tangu zamani. Muundo wa kwanza ni wa fimbo. Tunasema "alimpiga mtoto fimbo", na hapo anayefikiwa na pigo ni mtoto, ilhali fimbo ndiyo iliyompitishia pigo hilo. Muundo wa pili ni wa ngoma. Tunasema "alipiga ngoma", na hapo kinachopigwa ni ngoma yenyewe, na kama kuna mtu anayechezewa au kukaribishwa kwa ngoma hiyo, basi "anapigiwa ngoma", kwa kuwa pigo halimgusi. Kinachomfikia ni mlio na heshima yake.

Sasa rudi kwenye makofi yako. Katika habari ya mahakamani, makofi yamekaa mahali pa fimbo, yaani jirani ndiye aliyefikiwa na kiganja. Katika kikao chenu, makofi yamekaa mahali pa ngoma, yaani viganja vimegongana vyenyewe, na mstaafu akaletewa sauti tu. Ndiyo maana ya kwanza ni "alimpiga" na ya pili ni "walimpigia". Irabu ile inatuambia kama mtu yuko chini ya pigo au yuko pembeni akipokea kinachotokana nalo.

Ukiisha kuiona tofauti hiyo, nahau nyingi zitajipanga zenyewe. Simu imekaa kwenye ngoma: inalia, na mtu anaipokea, kwa hiyo *nimempigia simu*, naye *amepigiwa simu*. Kura, kelele, magoti, saluti na debe ni vivyo hivyo. Picha imekaa kwenye fimbo: yule anayepigwa picha ndiye anayefikiwa, sura yake ndiyo inayochukuliwa, kwa hiyo *nimempiga picha*, naye *amepigwa picha*. Chenga na jeki ziko huko huko, kama vile risasi, sindano, busu, faini na teke. Jeki ya gari inaingia chini ya gari na kulinyanyua. Ya mtu nayo inamnyanyua yeye, haimletei sauti.

Dobi_Sinza

Mzee, shikamoo. Umenigusa panapouma. Mimi nafua na kupiga pasi nguo za watu Sinza, na ubishi huu upo dukani kwangu kila siku. Wateja wengine wanasema "nipigie pasi hili shati", wengine "lipige pasi hili shati", na kuna mmoja, mtu mzima na suti zake, husema "shati langu halijapigiwa pasi". Wote nawaelewa na wote nawahudumia, lakini huyo wa mwisho sikio langu linamkataa na sijawahi kujua ni kwa nini.

Mhariri_Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Sikio lako liko sawa. Shati ndilo linalofikiwa na pasi, kwa hiyo liko mahali pa yule mtoto wa fimbo: *nimelipiga shati pasi*, *shati limepigwa pasi*. Mteja mwenyewe haguswi na pasi (Mungu apishe mbali), bali anafanyiwa kazi, kwa hiyo yeye ndiye anayestahili ile i: *nipigie pasi*, *nimepigiwa pasi mashati yangu yote*. Ukisema "shati halijapigiwa pasi" umelifanya shati kuwa mteja.

Nawe Mgeni, hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi wa Kiswahili hawalioni mapema. Hata nahau za upande wa fimbo zinaweza kuchukua *pigia*, ila maana inahama. "Nipige picha" ni ombi la mtu anayetaka sura yake itokee. "Nipigie picha hati hii" ni ombi la mtu anayetaka hati itokee, na yeye atumiwe. Kwa kuwa uko kwenye forodha, chukua muhuri, ambao naamini unauona kutwa. Hati *inapigwa muhuri*. Wewe mwenye shida unasimama dirishani na kusema, "Naomba unipigie muhuri hati hizi." Ukirudi ofisini unaripoti kwamba *hati zote zimepigwa muhuri*, au kwamba *nimepigiwa muhuri hati mbili, ya tatu wameikataa*. Lakini ukimwambia karani "naomba unipige muhuri", atakuangalia usoni akitafuta pa kuuweka.

Mgeni_wa_Kurasini

Ahsante sana, mzee. Nimesoma mara kadhaa na ninadhani nimeanza kuona. Naomba nijaribu mbele yenu. Naandika: "Wananchi walimpigia kura mgombea." "Mgombea alipigiwa kura nyingi." "Kura zilipigwa asubuhi." "Serikali ilipigia marufuku mifuko ya plastiki." Je, ziko sawa?

Mhariri_Mstaafu

Tatu za mwanzo ni safi, na ya tatu imenifurahisha, kwa sababu umeona kwamba kura zenyewe, kama ngoma, ndizo zinazopigwa, ilhali mgombea anapigiwa. Ukitaka mfano mkongwe wa jambo hili, katika uchaguzi wa kura tatu ulioanza mwaka 1958 hapa Tanganyika, ambao TANU iliamua kushiriki baada ya mkutano wake wa Tabora wa Januari mwaka huo, mpiga kura mmoja alitakiwa kuwapigia kura wagombea watatu kwa mkupuo, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Kura tatu zilipigwa, wagombea watatu walipigiwa. Mkono wako uzoee kutenganisha hivyo.

Ya nne irekebishe. Mifuko ndiyo iliyofikiwa na marufuku. Haikuwa pembeni ikisikiliza. Kwa hiyo serikali *ilipiga marufuku mifuko ya plastiki*, na mifuko *ilipigwa marufuku* Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Kosa la "kupigiwa marufuku" nililifuta kwa kalamu nyekundu mara nyingi, na kila mara mwandishi alikuwa ameponzwa na kanuni kama ya KakaTemeke, kwamba penye jambo zito lazima pawe na i.

KakaTemeke

Nimekubali kwa upande wa picha na pasi, mzee. Lakini bado nina neno. Fimbo na ngoma zako hazielezi lugha ya Kariakoo. Mtu akitoka kununua simu akakuta ndani ya boksi kuna kipande cha sabuni, anasema, "Nimepigwa laki mbili." Hizo laki mbili si fimbo, maana hazikumgusa, na wala si ngoma. Zimeondoka tu. Hapo utasemaje?

Mhariri_Mstaafu

Hapo nitasema umenishika, na kwa haki. Katika *kupigwa* kwa maana ya kutapeliwa, aliyepigwa ni yule aliyefikiwa, hilo linabaki sawa, lakini kinachofuata baada ya kitenzi si kilichompiga, bali ni alichopoteza. Ni matumizi yaliyokua mitaani, na yameota mizizi kiasi kwamba siku hizi ukisema "amepigwa" peke yake Dar es Salaam, watu wengi watakuuliza shilingi ngapi kabla ya kukuuliza kama ameumia. Mgeni ajihadhari na jambo moja: "amepigwa faini ya laki mbili" na "amepigwa laki mbili" si habari moja. Ya kwanza ina hakimu au askari wa barabarani. Ya pili ina tapeli. Neno *faini* lisidondoke ukiwa unaandika ripoti ya ofisi, hasa kwenye kazi yenu ambako faini za kuchelewesha mzigo zipo.

Winga_wa_Jangwani

Na kwenye mpira tuna pasi mbili, Dobi anisamehe. "Alinipigia pasi" uwanjani maana yake alinipa mpira mguuni. "Alinipigia pasi" nyumbani maana yake alininyooshea nguo. Mke wangu aliwahi kunisikia nikimsifia mchezaji mwenzangu kwamba alinipigia pasi nzuri sana, akaniuliza kwani za kwake zina kasoro gani.

Dobi_Sinza

Lakini tazama jinsi mzee alivyosema: nyumbani wewe umefanyiwa kazi, uwanjani wewe umeletewa mpira. Zote mbili wewe uko upande wa kupokea, kwa hiyo zote zina i. Kinachotofautiana ni pasi, si kitenzi.

Mhariri_Mstaafu

Dobi, ungekuwa karibu ningekupa kiti changu cha zamani.

Binti_wa_Chumbageni

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Mbezi, na ninafundisha Kiswahili watu wazima, wengi wao wakiwa wageni wanaofanya kazi hapa mjini. Naomba kuongeza jambo moja ambalo linawasumbua sana wanafunzi wangu na ambalo fimbo na ngoma za mzee zinalisaidia vizuri.

Kuna wakati tunasema *kupigwa* tukaongeza *na*, na kuna wakati hatuongezi. Tunasema "alipigwa na butwaa", "alipigwa na bumbuwazi", "alipigwa na radi", "amepigwa na baridi usiku kucha". Lakini tunasema "alipigwa picha", "alipigwa risasi", "alipigwa faini", bila *na*. Mwanafunzi anayekariri orodha ataandika "alipigwa butwaa" na "alipigwa na picha", na hataelewa kwa nini wenzake wanatabasamu.

Ukirudi kwenye fimbo, jibu liko pale pale. *Na* inamleta mpigaji. "Mtoto alipigwa fimbo na babu yake": fimbo haina *na*, babu anayo. Sasa uliza, katika "alipigwa na butwaa", mpigaji ni nani? Ni butwaa lenyewe. Hakuna mtu aliyelishika butwaa mkononi akampiga nalo mwenzake. Limekuja lenyewe kama radi. Katika "alipigwa picha", picha haikujipiga. Kuna aliyeishika kamera, na ukitaka kumtaja utasema "alipigwa picha na dada yake". Kwa hiyo ninawashauri wanafunzi wajiulize kama hilo neno linaweza kuja lenyewe. Mshangao huja wenyewe, jua huja lenyewe, muhuri hauji wenyewe.

Mgeni_wa_Kurasini

Dada, nashukuru sana. Je, ninaweza kugeuza na kusema "butwaa lilimpiga"?

Binti_wa_Chumbageni

Utaeleweka, na kwa radi au baridi inakubalika kabisa: "radi ilimpiga", "baridi ilimpiga". Kwa butwaa utasikika kama mtu anayetunga shairi. Nahau hiyo imezoea kukaa katika *kupigwa na*, nami ningekushauri uiache hapo hapo. Nahau nyingine zimekaa kinyume chake, hazitaki kugeuzwa kabisa. Mtu *hupiga magoti*, lakini "magoti yalipigwa" haisemwi, labda kwa utani. Mtu *hupiga chafya*, lakini hakuna "chafya niliyoipiga jana". Mtu *hupiga moyo konde*, akajikaza na kuendelea na safari, na hapo moyo ndio uliokula ngumi, konde ikiwa mahali pa fimbo, lakini hatuiondoi hata moja kati ya hizo mbili tukasema "konde lilipigwa". Ukilinganisha na "simu niliyokupigia", "picha tulizopiga", "hatua zilizopigwa" na "kura zilizopigwa", utaona kwamba hizi za pili zimelegea kidogo, neno lake linaweza kutoka mahali pake likatembea ndani ya sentensi. Zile za kwanza zimeganda. Mwanafunzi anaweza kupima mwenyewe: aweke -*lizo*- au -*liyo*- katikati, amsomee Mswahili sentensi hiyo, na atazame uso wake.

KakaTemeke

Dada, na *kupiga debe*? Maana mgeni anapita stendi kila siku na hilo neno atalisikia kuanzia asubuhi.

Mhariri_Mstaafu

Hilo niachieni, kwa kuwa ni nahau ya mjini hapa na inaonekana kwa macho. Simama stendi ya Makumbusho wakati wa jioni utazame gari linalosubiri abiria. Kuna kijana aliyesimama nje ya mlango, kiganja kimoja kinagonga bati la ubavu wa gari, ta-ta-ta, na mdomo unaita "Mbagala, Mbagala, Mbagala, siti zipo!", hata kama siti zilikwisha muda mrefu. Huyo ndiye mpiga debe. Debe ni lile bati la mafuta ambalo ukiligonga mtaa mzima unasikia, na kazi yake ni kukusanya watu kwa ajili ya gari la mtu mwingine. Gari *linapigiwa debe*. Kutoka hapo neno likapanda ngazi: mgombea *anapigiwa debe* na wafuasi wake, bidhaa *inapigiwa debe* na redio, na wewe ukimsifia rafiki yako ili apate kazi, *umempigia debe*. Mahali pa mtu hapajabadilika tangu stendini: kelele ni za mpigaji, faida ni ya anayepigiwa. Mtu akiandika "walimpiga debe mgombea wao" ameandika kwamba walimpiga mgombea kwa debe, na katika kipindi cha kampeni si jambo la kuandika ovyo.

Mama_Zawadi

Sasa nimewapata vizuri. Mimi naomba kuuliza la kwangu. Mjukuu wangu ana miaka mitatu na hawezi kusugua meno mwenyewe. Mama yake anasema "nampigisha mswaki". Mimi nasema "nampiga mswaki". Jirani yetu, mtu wa Pemba, anasema "nampigia mswaki". Tumebishana mpaka mtoto akalala bila kupiga huo mswaki. Nani kati yetu amepatia?

Mhariri_Mstaafu

Mama, kwa hesabu ya fimbo, wewe umepatia, kwa sababu meno ya mtoto ndiyo yanayofikiwa na mswaki, kama shati na pasi.

Binti_wa_Chumbageni

Mzee, hapo nitatofautiana nawe kidogo. Shati haliwezi kujipiga pasi, lakini mtoto, akikua, atapiga mswaki mwenyewe, na tunaposema "amepiga mswaki" meno hatuyataji kabisa. *Kupiga mswaki* kumekuwa tendo zima la mtu juu yake mwenyewe, kama kupiga magoti. Kwa hiyo mama anayesema "nampigisha mswaki" anasema kwamba anamfanya mtoto atende tendo hilo, kama vile tunavyosema "alimpigisha magoti" kwa mtu aliyemlazimisha mwenzake kupiga magoti. Mimi naona hiyo ndiyo imekaa vizuri zaidi. "Nampiga mswaki" sikio langu linaisikia kama adhabu.

Dobi_Sinza

Na huyo wa Pemba? Mtoto si anafanyiwa kazi kama mteja wangu? Mimi ningesema naye ana hoja.

Mhariri_Mstaafu

Ana hoja. Ningekuwa bado mezani, nisingeifuta hata moja kati ya hizo tatu. Ningeandika "kumsafisha mtoto meno" nikaendelea na ukurasa unaofuata. Hiyo ndiyo hila ya wahariri wote, msimwambie mtu.

Mgeni_wa_Kurasini

Nimecheka peke yangu ofisini. Naomba swali la mwisho kabla sijafunga kompyuta. Leo mchana kijana wetu wa masjala amenijia akasema, "Mzee, naomba nikupige mzinga." Nilikuwa nimeshasoma uzi huu, kwa hiyo nilijua mimi ndiye nitakayefikiwa na kitu, na nikarudi nyuma hatua moja. Je, nilifanya sawa?

KakaTemeke

Ulifanya sawa kabisa. Mzinga ni kuombwa hela. Kijana alitaka kiasi gani?

Mgeni_wa_Kurasini

Elfu kumi, mpaka mwisho wa mwezi.

KakaTemeke

Basi kama hakurudisha, mwisho wa mwezi uje hapa utuambie "nimepigwa elfu kumi", na mzee atakupa alama zote.